Mwongozo Kamili wa Kumwandikia Mteja Maombi ya Kazi, Kuanzia Tangazo hadi Uthibitisho wa Kupokelewa

Watu wengi wanaotoza ada ndogo ili kuwaandikia wengine wasifu, yaani ile CV inayodaiwa na kila mwajiri, hukwama mahali pamoja. Hati inatoka ikiwa safi na imepangwa vizuri, lakini mwombaji haitwi, na akirudi na tangazo jingine hati ileile hubadilishwa jina la mwajiri na kutumwa tena. Mara nyingi chanzo ni kwamba kazi ilianzia kwenye faili la mteja aliyetangulia, ambalo lilifutwa jina la zamani na kuandikwa jina jipya. Mwongozo huu unaanzia kwenye tangazo na kwenye maelezo ya mteja mwenyewe, kisha unafuata kazi hadi maombi yapokelewe.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mteja wetu ni binti mwenye miaka 2 ya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, ambako bado yupo, naye anaomba nafasi ya msaidizi wa ghala. Tangazo linataka elimu ya sekondari, uzoefu usiopungua mwaka 1 wa kupokea au kutoa bidhaa, uwezo wa kuweka kumbukumbu kwenye kompyuta, barua ya maombi, wasifu usiozidi kurasa 2, majina ya wadhamini 2, na nakala za vyeti katika faili moja la PDF lisilozidi MB 2. Maombi yanajazwa mtandaoni.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Kwa upande wako unahitaji kompyuta yenye programu ya kuandikia, intaneti ya kuaminika, skana au simu yenye kamera nzuri na programu ya kuchanganua hati, printa, na daftari.

Mteja aje na vitu vifuatavyo:

- tangazo lenyewe, iwe ni karatasi, picha au kiungo, na siyo masimulizi ya aliyoambiwa na rafiki yake;
- vyeti halisi, kwa kuwa fotokopi iliyofifia huzidi kufifia ikichanganuliwa;
- kitambulisho;
- simu yake ikiwa na laini anayoitumia kila siku, kwa sababu namba za uthibitisho zitatumwa huko;
- anwani yake ya barua pepe na nywila anayoikumbuka;
- majina, vyeo na namba za simu za wadhamini ambao wamekwisha kukubali.

Neno "wamekubali" lina uzito. Mdhamini anayepigiwa simu bila kujua kwamba ametajwa hujibu kwa kusitasita, na mwajiri husikia kusitasita huko kama shaka juu ya mwombaji. Ikiwa mteja hajawaambia wadhamini wake, awapigie hapo hapo kabla hujaandika majina yao.

## Hatua ya 1: Someni tangazo pamoja, neno kwa neno

Usimtajie mteja bei wala usifungue programu ya kuandikia kabla ya hatua hii. Gawa ukurasa wa daftari katika safu 2: kushoto andika kila sharti la tangazo, kulia andika ushahidi ambao mteja anao. Kwa mteja wetu, mbele ya "elimu ya sekondari" tunaandika cheti chake. Mbele ya "uzoefu wa mwaka 1" tunaandika duka la vifaa vya ujenzi. Mbele ya "kumbukumbu kwenye kompyuta" tunaacha nafasi, kwa kuwa hajatuambia lolote bado. Nafasi hiyo tupu ndiyo itakayoongoza mahojiano yetu naye.

Andika pia masharti ya namna ya kutuma, kwa sababu ndiyo yanayowaangusha watu wenye sifa: idadi ya kurasa, aina na ukubwa wa faili, namba ya kumbukumbu ya tangazo, na siku na saa ya mwisho. Mwajiri akiwa nchi nyingine, tazama saa hiyo ni ya wapi, kwani saa sita usiku ya kwao huenda ikafika kabla ya saa sita usiku ya kwenu. Lugha ya tangazo ndiyo lugha ya maombi, isipokuwa tangazo liseme vingine. Ikiwa mteja haisomi lugha hiyo vizuri, mwandikie katika lugha hiyo lakini mfasirie kila sentensi kabla hajaikubali, maana yeye ndiye atakayeulizwa.

Tahadhari. Tangazo linalomtaka mwombaji alipe fedha ili asajiliwe, apimwe au apewe nafasi, au linaloitisha nywila na taarifa za benki wakati wa kuomba tu, lisishughulikiwe. Hakikisha kwanza kwa kutafuta tovuti rasmi ya mwajiri na kupiga namba iliyoandikwa huko, na siyo namba iliyo kwenye tangazo. Hali kadhalika, ikiwa sharti la lazima halitimizwi, kwa mfano leseni ya udereva ambayo mteja hana, mwambie wazi kwamba maombi hayo yataondolewa mwanzoni. Ni heri akuache na fedha yake mkononi.

Hatua hii imekamilika pale mteja anapoweza kukueleza kwa maneno yake mwenyewe mwajiri anataka nini.

## Hatua ya 2: Kubalianeni bei na mipaka ya kazi

Tenganisha bei ya wasifu mpya, barua, kuchanganua hati kwa kila ukurasa, na kujaza fomu. Ukitaja bei moja ya jumla, mteja aliyehitaji barua pekee atalipia asichohitaji, na mwenye fomu ya kurasa kumi atakuchosha kwa malipo ya kurasa mbili. Andika bei hizo mahali zinapoonekana, na eleza tangu mwanzo kwamba kosa lako wewe husahihishwa bure, na kwamba mteja anayo haki ya awamu moja ya masahihisho baada ya kusoma hati nyumbani.

Malipo ni ya kuandika, hayategemei kupata kazi. Usikubali sehemu ya mshahara wa kwanza wala usiahidi kwamba "unawajua watu". Ukianza kuuza nafasi badala ya maandishi, unakuwa wakala wa ajira, na shughuli hiyo ina sheria zake: Mkataba Namba 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi Duniani, katika Ibara ya 7, unazuia mawakala binafsi wa ajira kuwatoza wafanyakazi ada, isipokuwa kwa ruhusa maalumu ya mamlaka za nchi.

## Hatua ya 3: Mhoji mteja mpaka kazi yake ionekane

Hapa ndipo thamani ya huduma yako ilipo, na hapa ndipo wengi hupita mbio. Mteja akiulizwa alikuwa anafanya nini, hujibu kwa maneno mafupi yanayomdogosha, kwa sababu kazi aliyoifanya kila siku haioni tena kuwa ni ujuzi. Ukiyaandika maneno hayo jinsi yalivyo, wasifu unakuwa mtupu. Ukiyapamba kwa maneno makubwa kutoka kichwani mwako, unakuwa wa uongo. Njia iliyobaki ni kuuliza juu ya siku moja ya kazi, tukio baada ya tukio.

Mteja wetu, alipoulizwa kuhusu kazi yake, angeanza hivi:

"Nasaidia kuuza tu."

"Sawa, dada. Mzigo ukifika asubuhi, nani anaupokea?"

"Mimi. Bosi ananiachia karatasi ya mzigo, nahesabu mifuko ya saruji na mabati. Nikikuta pungufu naandika kwenye karatasi kabla dereva hajaondoka, halafu tunasaini wote wawili."

"Mizigo mingapi kwa wiki?"

"Miwili, mara nyingine mitatu."

"Na mnajuaje kilichobaki stoo?"

"Kila Jumamosi jioni nahesabu, naingiza kwenye kompyuta. Ile Excel bosi alishaitengeneza, mimi najaza tu."

Ile nafasi tupu kwenye daftari imejaa. Mtu aliyesema "nasaidia kuuza tu" amekwisha kueleza upokeaji wa mzigo, ulinganishaji wa hesabu na hati, ushughulikiaji wa upungufu, na utunzaji wa kumbukumbu kwenye kompyuta, yaani kazi yenyewe ya msaidizi wa ghala. Angalia kwamba maswali yote yalihusu nani, vingapi, lini na vipi. Swali kama "una ujuzi gani?" lisingeleta jibu lolote kati ya hayo.

Zingatia pia mpaka alioutaja mwenyewe: jedwali lilitengenezwa na bosi, yeye alijaza. Kwa hiyo tutaandika kwamba aliingiza hesabu katika jedwali la Excel, na hatutaandika kwamba ni mtaalamu wa Excel, kwa sababu katika usaili anaweza kuwekwa mbele ya kompyuta na kuambiwa atengeneze jedwali jipya.

Kwa mteja ambaye hajawahi kuajiriwa, uliza siku ya kazi ya aina nyingine: mafunzo kwa vitendo, shughuli za familia, kujitolea, uweka hazina wa kikundi. Mtu aliyetunza daftari la michango ya kikundi kwa mwaka mzima ana jambo la kueleza, mradi lielezwe kwa kiasi na muda wake halisi.

Tahadhari. Mteja akikuomba umwongezee miaka ya uzoefu au cheti asichokuwa nacho, kataa na umweleze sababu. Fomu nyingi humtaka athibitishe kwamba maelezo ni ya kweli, na uongo ukigundulika hata baada ya kuajiriwa unaweza kumfukuzisha kazi.

## Hatua ya 4: Linganisha majina na tarehe katika nyaraka zote

Panga vyeti na kitambulisho mezani, usome majina herufi kwa herufi. Cheti cha shule kinaweza kusema Khadija, kitambulisho kikasema Hadija, na barua ya mwajiri ikatumia jina la ndoa. Kwa mtu anayemjua mteja ni jina lilelile. Kwa mfumo unaolinganisha herufi, hao ni watu wawili.

Usimchagulie mteja jina linalopendeza. Kwa kawaida hujazwa jina lililo kwenye kitambulisho, isipokuwa fomu iagize jina lililo kwenye vyeti. Tofauti ikiwapo, mteja aambatishe hati ya kiapo au hati ya kubadili jina iliyotolewa kwa utaratibu wa nchi yake. Hati hiyo huchukua muda kupatikana, na ndiyo maana ukaguzi huu unafanywa mapema badala ya usiku wa mwisho.

Kisha andika tarehe za shule na za kazi katika mstari mmoja, kuanzia ya zamani. Ukiona mwaka usio na maelezo, muulize mteja alikuwa wapi. Kuuguza mzazi au kutafuta kazi ni jibu linalosemeka. Kinacholeta shaka ni tarehe zilizovutwa ili zikutane, kisha barua ya mwajiri ikaonyesha tarehe nyingine.

## Hatua ya 5: Andika wasifu

Anza na jina, simu na barua pepe. Umri, dini, hali ya ndoa, kimo na picha vinaandikwa ikiwa tu tangazo limevidai. Hazionyeshi kama mtu anaweza kazi, na zinachukua nafasi ya vitu vinavyoonyesha.

Fuatisha mistari 2 au 3 inayomtambulisha mwombaji kwa nafasi hii, kisha uzoefu kuanzia wa karibuni, elimu, ujuzi na wadhamini. Kwa mwombaji aliyemaliza masomo hivi punde, elimu itangulie uzoefu. Uzoefu wa mteja wetu utasomeka hivi:

> Mhudumu wa duka na stoo, duka la vifaa vya ujenzi (miaka 2, hadi sasa)
> - Kupokea mizigo 2 hadi 3 kwa wiki, kuhesabu saruji, mabati na bidhaa nyingine, na kulinganisha hesabu na hati ya mzigo.
> - Kuandika upungufu kabla ya kusaini hati pamoja na dereva.
> - Kuhesabu bidhaa za stoo kila Jumamosi na kuingiza hesabu katika jedwali la Excel.
> - Kuhudumia wateja na kuwatolea bidhaa.

Katika hati halisi utaandika jina la duka pamoja na mwezi na mwaka wa kuanza. Kuhudumia wateja kumewekwa mwisho, ijapokuwa ndiko kulikochukua muda mwingi wa siku, kwa sababu mwajiri huyu anatafuta mtu wa ghala. Akiomba kesho nafasi ya muuzaji, mstari huo utapanda juu na kuongezewa maelezo. Huko ndiko kuulenga wasifu: ukweli ni uleule, mpangilio unafuata tangazo.

Tumia maneno ya tangazo pale yanapokuwa kweli kwa mteja. Likisema "kumbukumbu za bidhaa", andika "kumbukumbu za bidhaa", maana anayechambua maombi mengi huyatafuta maneno hayo, na baadhi ya waajiri hutumia mifumo ya kompyuta kuchuja. Kwa sababu hiyohiyo epuka majedwali, visanduku vya rangi na maandishi yaliyowekwa ndani ya picha, kwani baadhi ya mifumo huyasoma kwa kuyachanganya au huyaruka kabisa. Mwandiko wa ukubwa wa 11 au 12 unatosha.

Wasifu umefaulu ikiwa mtu asiyemjua mteja, akiusoma kwa nusu dakika, anaweza kukutajia kazi anayoiomba na sababu moja ya kumwita.

## Hatua ya 6: Andika barua isiyorudia wasifu

Barua nyingi hufunguliwa kwa "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha huendelea na "mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu na ninayejituma". Msomaji amefika katikati ya ukurasa bila kuambiwa jambo lolote ambalo halimo katika barua nyingine zote zilizo mezani pake. Sentensi ya kwanza itaje nafasi na tangazo. Aya ya pili ieleze ushahidi mmoja au miwili yenye uzito. Aya ya mwisho itaje viambatisho na lini mwombaji anaweza kuanza. Baada ya anwani, barua ya mteja wetu itakuwa hivi:

> YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MSAIDIZI WA GHALA
>
> Naomba nafasi ya msaidizi wa ghala iliyotangazwa na ofisi yako, yenye kumbukumbu namba (namba ya tangazo).
>
> Kwa miaka 2 nimekuwa nikipokea na kuhesabu mizigo katika duka la vifaa vya ujenzi linaloingiza mizigo 2 hadi 3 kwa wiki. Kila mzigo naulinganisha na hati yake mbele ya dereva, na upungufu wowote nauandika kabla ya pande zote mbili kusaini. Kila Jumamosi nahesabu bidhaa zilizobaki na kuingiza hesabu hiyo katika jedwali la Excel.
>
> Nimeambatisha wasifu wangu, cheti cha elimu ya sekondari na barua ya mwajiri wangu. Ninaweza kuanza kazi baada ya kutoa notisi ya mwezi 1.
>
> Wako mwaminifu,

Mwachie mteja nafasi ya saini na jina kamili. Kabla hajasaini, msomee barua yote kwa sauti na umuulize kuhusu sentensi mojawapo: "Hapa tumeandika upungufu. Wakikuuliza siku mliyopata upungufu, utawaeleza nini?" Akijibu bila kutafuta maneno, barua ni yake. Akinyamaza, sentensi hiyo uliitunga wewe, na inapaswa kuandikwa upya.

## Hatua ya 7: Tayarisha mafaili ya kupakia

Ukurasa wa A4 ukichanganuliwa kwa rangi katika dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, hutoa picha ya pikseli zipatazo 2480 kwa 3508, na kurasa chache za namna hiyo zinaweza kuvuka MB 2 kwa haraka. Ukishusha hadi dpi 150, pikseli hubaki robo, na maandishi ya kawaida ya cheti bado husomeka. Anza na dpi 150 hadi 200 kwa rangi ya kijivu, kisha kagua namba ya cheti, muhuri na saini kwa kuzikuza kwenye skrini. Tumia rangi ikiwa tangazo limeagiza hivyo au muhuri haujitokezi.

Ukitumia simu, laza cheti mahali tambarare penye mwanga wa mchana, simama mahali ambapo kivuli chako hakiangukii karatasi, na acha programu ikate kingo. Picha iliyopinda yenye kidole pembeni ni kazi ya kurudiwa.

Unganisha vyeti katika PDF moja kwa mpangilio ambao wasifu umevitaja. Hifadhi barua na wasifu kuwa PDF moja kwa moja kutoka programu ya kuandikia badala ya kuchapa na kuchanganua, ili mafaili yawe mepesi na maneno yake yaweze kutafutwa. Changanua barua ikiwa tu saini ya mkono imedaiwa. Majina ya mafaili yamtambulishe mwombaji na kilichomo, bila nafasi kati ya maneno:

```
Jina_Ukoo_Wasifu.pdf
Jina_Ukoo_Barua.pdf
Jina_Ukoo_Vyeti.pdf
```

Faili lililoitwa `scan0007.pdf` hupotea kwa mwajiri, na kwenye kompyuta yako hukaribisha kosa baya zaidi, yaani kupakia vyeti vya mteja mwingine.

## Hatua ya 8: Jaza fomu mteja akiwa kando yako

Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya mteja na simu ya mteja. Watoa huduma wengi hutumia barua pepe zao ili kuokoa muda, na matokeo yake wito wa usaili hufika kwa mtu asiyekumbuka tena ni wa nani. Ikiwa mteja hana barua pepe, mfungulie kwa simu yake, yeye achague na kuandika nywila, na aingie mwenyewe kwenye simu yake kabla hamjaendelea.

Fungua dirisha la faragha la kivinjari, kwa Ctrl+Shift+N kwenye Chrome au Ctrl+Shift+P kwenye Firefox. Dirisha hilo halitaacha akaunti ya mteja wazi ukishalifunga, wala halitahifadhi majibu yake na kuyaleta kwa mteja anayefuata. Mafaili yaliyopakuliwa hata hivyo hubaki kwenye kompyuta, nayo tutayafuta mwishoni.

Pitia fomu yote kwanza ikiwa mfumo unaruhusu, na majibu marefu yaandike katika Notepad kabla ya kuyabandika. Mifumo mingi humtoa mtumiaji akikaa muda bila kubonyeza kitu, na yote aliyoyaandika hupotea. Sehemu yenye kikomo cha herufi huhesabu nafasi pia, kwa hiyo fupisha kwa kuondoa sentensi nzima badala ya kuacha mfumo ukukatie katikati ya neno.

Kuna sehemu 2 zinazokosewa mno. Ya kwanza ni tarehe: 03/04/2021 inaweza kuwa tarehe 3 Aprili au Machi 4, kutegemea mfumo, kwa hiyo tazama kama fomu imeandika `dd/mm/yyyy` au `mm/dd/yyyy`. Ya pili ni namba ya simu: ikitakiwa pamoja na msimbo wa nchi, ile sifuri ya mwanzo kwa kawaida huondolewa. Kosa katika namba ya simu halionekani popote; mteja husubiri simu ambayo kwa kweli ilipigwa kwa mtu mwingine.

Fomu ikimtaka mwombaji ajipime ujuzi, mteja wetu achague kiwango cha mwanzo au cha kati kwa Excel, kulingana na aliyotueleza. Tamko la mwisho la ukweli wa maelezo msomee lote, na mwache aweke alama yeye mwenyewe.

## Hatua ya 9: Hakikini, tumeni, na umkabidhi mteja vyake

Baada ya kupakia, fungua kila faili kutoka ndani ya fomu yenyewe. Ni hapo tu ndipo utakapogundua kwamba barua imewekwa mahali pa wasifu, au kwamba faili halifunguki. Kisha mwache mteja asome muhtasari wote polepole, bila wewe kumsukuma kwa sababu ya foleni.

Kupakia siyo kutuma. Maombi mengi hubaki katika hali ya `Draft` kwa sababu kitufe cha `Submit` hakikubonyezwa, au kilibonyezwa na ujumbe mwekundu uliojitokeza juu ya ukurasa haukuonekana. Mmefaulu pale mfumo unapotoa namba ya maombi au kuonyesha `Submitted`, au ujumbe wa uthibitisho unapofika katika barua pepe ya mteja. Piga picha ya skrini yenye namba hiyo. Fanyeni haya angalau siku moja kabla ya mwisho, kwani saa za mwisho ndizo ambazo tovuti huelemewa.

Mtumie mteja PDF zote, faili la wasifu linaloweza kuhaririwa, picha ya uthibitisho, na nakala ya tangazo iliyohifadhiwa kama PDF. Tangazo mara nyingi huondolewa mtandaoni baada ya tarehe ya mwisho, wakati maswali ya usaili yatatokana nalo. Akishathibitisha kwamba amepokea na yanafunguka kwenye simu yake, futa mafaili hayo kwenye folda ya kupakulia, folda ya skana, pipa la kompyuta na mazungumzo ya simu yako. Ukitaka kubaki na nakala ya wasifu ili kumrahisishia safari ijayo, mwombe ruhusa, na usiweke humo kitambulisho wala vyeti.

Mteja huyu akirudi na tangazo la pili, rudini kwenye daftari na muandike safu 2 upya. Mahojiano yamekwisha kufanyika, vyeti vimekwisha kuchanganuliwa na majina yamekwisha kulinganishwa, hivyo kilichobaki ni kupanga upya mistari ya uzoefu, kuandika aya ya pili ya barua na kujaza fomu. Mtoze kwa hayo pekee.